Koma Iliyo Kati ya 14 na 3

Kasindi iko Kongo, Mpondwe iko Uganda, na kati yao kuna mpaka ambao watu huuvuka kutwa nzima na mizigo yao ya sokoni. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri ilipokuwa ikipambana na Ebola, waliopita mpakani walipimwa joto la mwili na kunawishwa mikono kwa maji yenye klorini. Hata hivyo ugonjwa ulivuka. Juni 2019 Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mlipuko ule, mtoto aliyeingia wilaya ya Kasese akitokea Kongo.

Watu wa pande hizi mbili huelewana kwa Kiswahili bila shida. Wanapoandika namba ndipo wanapoachana. Muuguzi wa Beni alisoma kwa Kifaransa, na tangu darasa la kwanza la hesabu nusu ya kitu ameiandika 0,5. Mwenzake wa Kasese alisoma kwa Kiingereza na nusu yake ni 0.5. Bei ya elfu mbili na mia tano anaiandika 2,500, na ng'ambo huandikwa 2.500 au 2 500. Alama ileile ambayo huku hutenga maelfu, kule hutenga desimali. Kwenye bei ya sukari jambo hili haliumizi mtu, kwa sababu kila mmoja anaijua bei ya sukari. Kwenye jedwali la kuchanganya dawa linaweza kuumiza sana, na nitaonyesha jinsi linavyoumiza kwa klorini hiyohiyo.

Katika mapambano na Ebola maji ya klorini hutengenezwa kwa nguvu mbili. Ya kunawia mikono huwa na klorini asilimia 0.05. Ya kusafishia sakafu, vitanda na mahali palipomwagika damu au matapishi huwa na asilimia 0.5, yaani nguvu mara 10. Maji haya makali hayafai kwa ngozi: huiunguza na kuipasua, huwasha macho, na mvuke wake hukereketa kifua. Hata yale hafifu hutumiwa mikononi pale tu sabuni na maji safi, au dawa ya mikono yenye alkoholi, havipatikani vya kutosha.

Mara nyingi maji hayo hutengenezwa kwa unga wa klorini uitwao HTH, ambao kwa kawaida huwa na klorini inayofanya kazi asilimia 65 hadi 70. Hesabu yake ni fupi. Chukua idadi ya lita, zidisha kwa 10, zidisha kwa asilimia unayoitaka, kisha gawanya kwa nguvu ya unga. Kwa unga wa asilimia 70 unagawanya kwa 0.70, na jibu linakuja kwa gramu. Nimeifanya hesabu hiyo na kuipanga kama ambavyo ingepangwa kwenye mwongozo wa Kifaransa. Jedwali ni langu, la mfano tu, wala halikutoka kwa shirika lolote:

Lita 20, mikono (0,05 %): 14,3 g
Lita 20, sakafu (0,5 %): 143 g
Lita 1000, mikono (0,05 %): 714 g
Lita 1000, sakafu (0,5 %): 7 143 g

Mfaransa hana kosa hata moja hapo. Koma imetenga desimali, na nafasi tupu imetenga maelfu. Sasa karatasi hii itafsiriwe, ichapwe upya, ipigwe picha, itumwe kwa simu, ichapishwe tena kwa mashine iliyoishiwa wino, halafu ibandikwe ukutani.

Tuanze na mstari wa kwanza. Kwenye seli nyembamba ya jedwali, koma iliyo kati ya 14 na 3 hukaa chini kabisa ya mstari wa maandishi, na mkia wake unaweza kugusa ukingo wa seli na kumezwa nao. Nukta huwa ndogo zaidi, kwa hiyo nakala ya tatu au ya nne ya fotokopi inaweza isiwe nayo kabisa. Kinachobaki ni 143.

Tazama vizuri namba iliyozaliwa hapo. Ingekuwa ni kiasi kisichoingia akilini, kwa mfano gramu 14300 kwenye ndoo ya lita 20, anayechanganya angesita, kwa sababu unga wenyewe ungekaribia kujaza ndoo. Lakini 143 ni namba halali ya jedwali hilohilo. Ndiyo dozi ya sakafu. Anayechanganya amekwisha kuipima mara nyingi, mkono wake unaijua, na mizani yake inaipokea. Kwa kuwa dawa za mikono na za sakafu zimepishana mara 10 kamili, koma moja ikipotea huzigeuza moja kuwa nyingine, na watu wananawa mikono siku nzima kwa maji ya kusuguliwa sakafu.

Mwenye jedwali zima mbele yake anaweza kulinasa kosa hili, kwa sababu mistari miwili ya ndoo moja itakuwa na kiasi kimoja, jambo ambalo haliwezekani. Kwa bahati mbaya, bango linalobandikwa penye ndoo ya kunawia kwa kawaida huwa na mstari wake mmoja tu. Mistari inayoweza kulisahihisha imebaki ofisini.

Sasa mstari wa mwisho, ambao mimi unanitia hofu zaidi. Mfasiri wa Kasese anaipata 7 143 g na kuiandika 7,143 g. Amefanya sawasawa, kwa kuwa msomaji wake ni Mganda na kwake koma hutenga maelfu. Kutoka Kiingereza hicho mtu mwingine anatengeneza toleo la Kiswahili. Maneno anayabadilisha yote, namba anaziacha zilivyo, maana wengi huamini kwamba namba hazitafsiriwi. Kwa kuwa Kiswahili kinasomwa pande zote mbili, karatasi inarudi Kongo. Msomaji wa Beni anaiona 7,143 g, na kwa jicho alilofunzwa shuleni hizo ni gramu saba na chembe.

Akiweka gramu 7.143 za unga wa asilimia 70 kwenye tangi la lita 1000, anapata gramu 5 za klorini ndani ya lita 1000, yaani miligramu 5 kwa lita. Kiasi hicho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa kikomo cha klorini katika maji ya kunywa. Kwa maneno mengine, tangi zima lililokusudiwa kuua virusi kwenye sakafu ya wodi ni maji ambayo mtu anaweza kuyanywa. Ayasugue masakafu atakavyo, kazi inayohitaji miligramu 5000 kwa lita haiwezi kufanywa na 5.

Na hakuna wa kulalamika. Maji yaliyozidi nguvu hujitangaza, kwa kuwa ngozi inawasha, macho yanatoa machozi, na mtu anauliza kulikoni. Yaliyopungua nguvu hukaa kimya. Yana harufu ya klorini kidogo, yanang'arisha sakafu, na kila mtu anaondoka ameridhika. Karatasi za kupimia zinazobadilika rangi zingeweza kuonyesha tofauti, mradi ziwe za kupima viwango vikubwa. Zile za maji ya kunywa hazifai hapa, kwani hufika mwisho wa rangi zao mapema na haziwezi kukwambia kama mbele yako kuna 50 au 5000.

Kosa la mara 1000 lina dalili moja inayosaidia: huhitaji tarakimu tatu kamili baada ya alama. Ukiona 14,3 au 7,14 ujue koma ni ya desimali, kwa sababu hakuna mahali maelfu yanapotengwa kwa tarakimu moja au mbili. Ukiona 7,143.5 ujue koma ni ya maelfu, maana nukta imekwisha kuchukua kazi ya desimali. Ila 7,143 yenyewe, ikiwa peke yake, haina jawabu. Hakuna ujuzi wa lugha utakaokwambia ni ipi. Lazima urudi kwenye jedwali la mwanzo, au ufanye hesabu, au umuulize anayeijua kazi. Ninapopitia jedwali lililotafsiriwa, namba za aina hii ndizo ninazozizungushia kalamu kwanza, na nyingine zote huzirudia baadaye.

Si kwamba wakubwa wa vipimo hawakuliona. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, unaozikutanisha nchi zilizoafiki mfumo wa mita, ulipitisha kwamba koma ya Wafaransa na nukta ya Waingereza zote zitambuliwe, lakini kwa kazi moja tu ya kutenga desimali. Tarakimu nyingi zigawanywe kwa vikundi vya tatu tatu ili zisomeke, na katikati ya vikundi isitiwe koma wala nukta, bali nafasi tupu. Mwaka 2003 mkutano huo ulirudia maneno hayo. Kama dunia ingeyafuata, 7,143 ingekuwa na maana moja kila mahali, yaani saba na sehemu zake. Mashirika ya viwango yamefuata. Maduka, magazeti, mabenki na shule zetu hazikufuata, na sidhani kama zitafuata hivi karibuni. Tanganyika ilianza ukoloni chini ya Wajerumani, ambao huandika koma, kisha ikaingia mikononi mwa Waingereza na nukta yao. Kongo na Burundi zilibaki na koma ya Wabelgiji. Mazoea ya karne nzima hayaondolewi kwa azimio.

Kompyuta nazo zimerithi mgawanyiko huu, na Kiswahili kimo humo kwa namna ambayo wengi wetu hatuijui. Programu nyingi huchukua kanuni za kuandika namba kutoka hazina moja ya pamoja ya lugha na nchi. Humo Kiswahili cha Tanzania kina kanuni zake na Kiswahili cha Kongo kina zake. Ukiiagiza kompyuta iandike namba moja kwa Viswahili hivyo viwili, inakupa hivi:

```
new Intl.NumberFormat("sw-TZ").format(7143.5)  // 7,143.5
new Intl.NumberFormat("sw-CD").format(7143.5)  // 7.143,5
```

Lugha ni ileile, namba ni ileile, na alama zimebadilishana viti. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba anataka jedwali kwa Kiswahili, hajasema vya kutosha. Lazima ataje na nchi litakakosomwa.

Upande wa kusoma ndiko kwenye hatari kubwa kuliko upande wa kuandika. Lugha ya programu iitwayo Python, ukiipa 14,3 iifanye namba, hukataa na kutoa ujumbe wa kosa. Huo ni ukali unaookoa. Shida huja pale mwandishi wa programu, akiwa amezoea koma za maelfu, anapoamua kuzifuta koma zote kwanza ili ujumbe huo usimsumbue:

```
>>> float("14,3")
ValueError: could not convert string to float: '14,3'
>>> float("14,3".replace(",", ""))
143.0
```

Hiyo hapo 143 yetu imerudi, safari hii bila fotokopi wala wino uliokwisha. JavaScript ina tabia nyingine: amri yake parseFloat husoma mpaka ikutane na herufi isiyoielewa, kisha husimama pale bila kusema neno. Ukiipa 14,3 inakurudishia 14, tofauti ambayo kwenye ndoo haina madhara. Ukiipa 0,05 inakurudishia 0.

Lahajedwali kama Excel zina mtego wao. Kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani, ukiiandikia 14.3 huidhania tarehe na kuigeuza kuwa tarehe 14 Machi. Mahali pengine namba yenye alama ngeni hupokewa kama maandishi ya kawaida, na jumla ikipigwa seli hiyo inarukwa bila onyo. Dalili yake ni ndogo ila haifichiki kwa anayeitafuta. Seli ambazo hazijapangwa kwa mkono huweka namba kulia na maandishi kushoto. Namba iliyosogea kushoto peke yake katika safu imeacha kuwa namba.

Wafasiri wenyewe wana kosa lao wanalolijua vizuri. Jedwali lina kurasa 40, limetoka Ujerumani, lina nukta za maelfu na koma za desimali, na muda ni mfupi. Mtu anaiagiza kompyuta igeuze kila koma kuwa nukta, kisha kila nukta kuwa koma. Hatua ya kwanza imezichanganya zote zikawa nukta, na ya pili imezifanya zote koma. Kilichokuwa 7.143 na kilichokuwa 14,3 sasa vina alama moja, na hakuna awezaye kuvitenganisha bila karatasi ya mwanzo. Mwenye uzoefu hupitia alama ya tatu: koma huzigeuza kwanza kuwa ishara isiyotumika popote kwenye maandishi, ndipo hugeuza nukta, mwishowe hurudisha ile ishara. Hata hivyo amri hiyo haijui kutofautisha kipimo na kitu kingine. Tarehe 12.05.2021 itaguswa, kifungu cha 4.2 kitaguswa, na koma za sentensi zitaguswa. Kwa hiyo kugeuza kwa mkupuo kunafaa ndani ya safu za vipimo peke yake, na hata humo lazima mtu apite seli kwa seli.

Ipo pia kinga inayoweza kumdanganya mwenye nayo. Programu za wafasiri huwa na sehemu ya kukagua namba. Ikipangwa ilinganishe namba herufi kwa herufi, itapiga kelele kwa kila 0,05 iliyogeuzwa kihalali kuwa 0.05, mpaka mfasiri achoke na kuizima. Ikipangwa iangalie tarakimu tu na kupuuza alama, itanyamaza, lakini itanyamaza hata mbele ya 14,3 iliyogeuka 143, kwa sababu tarakimu zote tatu zipo na zimefuatana vilevile.

Basi nini kifanyike na jedwali letu? Wengi hukimbilia kuuliza ni alama gani bora. Mimi naona swali la kwanza ni kama alama yenyewe inahitajika. Ile 3 iliyo baada ya koma katika 14,3 haina kazi yoyote. Mizani ya jikoni inayopima gramu nzima nzima haiioni. Unga ukiwa wa asilimia 65 badala ya 70, kiasi kinachotakiwa kinakuwa gramu 15 na zaidi kidogo, na unga uliokaa kwenye joto na unyevu hupungua nguvu kuliko hapo. Tarakimu ile ilitoka kwenye kikokotoo na kuachwa kwenye karatasi kwa kuwa hakuna aliyeifuta. Ikifutwa, inabaki 14, na hapo hakuna koma ya kupotea. Vilevile 7 143 inaweza kuandikwa 7100, bila nafasi na bila alama, na bado ikafanya kazi yake kikamilifu. Namba ya tarakimu nne husomeka vizuri ikiwa imeshikana. Zaidi ya hapo nafasi inasaidia, ila iwe ile nafasi maalumu isiyokatika, ili 10 000 isije ikavunjika, 10 ikabaki mwisho wa mstari huu na 000 ikaanza mstari unaofuata.

Asilimia nazo zina njia ya kuzikwepa. Asilimia 0.05 ni miligramu 500 kwa lita, na 0.5 ni miligramu 5000 kwa lita. Mtu anayechagua kati ya 500 na 5000 anaona tofauti kwa urefu wa namba, wakati anayechagua kati ya 0,05 na 0,5 anategemea sifuri moja ndogo. Pale ambapo desimali haikwepeki, sifuri ya mbele isiachwe: ni 0.5, kamwe si .5, maana nukta ikififia inabaki 5. Na sifuri isiyo na kazi isiongezwe nyuma, kwa kuwa 5.0 iliyopoteza nukta ni 50. Kanuni hizi mbili wafamasia wanazijua siku nyingi kutokana na maagizo ya dawa, na zinafaa kwa jedwali lolote.

Anayekabidhiwa tafsiri anaweza kufanya jambo moja lisilogharimu zaidi ya dakika chache, nalo ni kuirudia hesabu. Hahitaji kuwa mkemia. Lita 20, mara 10, mara 0.05, ni 10. Gawanya kwa 0.70, unapata 14 na kidogo. Ikiwa bango linasema 143, kuna kitu kimepotea njiani. Hata bila hesabu hiyo, uwiano unatosha: safu ya sakafu lazima iwe mara 10 ya safu ya mikono, na tangi la lita 1000 lazima lile unga mara 50 ya ndoo ya lita 20. Kila mstari unamshuhudia mwenzake, na mstari mmoja ukiharibika uwiano unakataa.

Baada ya kupunguzwa hivyo, jedwali la kupeleka Kasindi na Mpondwe kwa pamoja linakuwa hili, kwa unga wa asilimia 70:

Mikono, 500 mg/l: ndoo ya lita 20, gramu 14, tangi la lita 1000, gramu 710
Sakafu, 5000 mg/l: ndoo ya lita 20, gramu 140, tangi la lita 1000, gramu 7100

Halina koma ndani ya namba hata moja, wala nukta. Chini yake panahitajika maneno mawili matatu: nguvu ya unga ambao jedwali limekokotolewa kwao, tarehe ya toleo, na agizo kwamba mchanganyaji asome kwanza asilimia iliyoandikwa kwenye kopo lake. Kopo likisema 65, ndoo ya mikono iwekwe gramu 15.